Mama na mdogo wangu wote wana kizuizi cha moyo cha daraja la pili. Kwa nini mama tu awekewe betri?

*"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 67. Wiki iliyopita alianguka ghafla akiwa jikoni, akazinduka baada ya muda mfupi kama vile hakuna kilichotokea. Alipopimwa ECG, ripoti iliandikwa Mobitz II, PR 180 ms, RBBB, QRS 148 ms. Daktari akasema ni kizuizi cha daraja la pili, lazima awekewe betri ya moyo. Sasa mdogo wangu wa kiume, miaka 24, mkimbiaji, naye aliwahi kupimwa akaambiwa ana kizuizi cha daraja la pili. Yake imeandikwa Mobitz I, Wenckebach, lakini akaruhusiwa aendelee na mazoezi. Daraja ni lile lile, iweje mmoja apasuliwe na mwingine aende kukimbia? Mama yuko nyumbani, hasikii lolote, anaomba apewe dawa kwanza asubiri aone. Kwa ajili ya presha anatumia atenololi. Naomba ushauri."*

Marahaba. Kabla ya maelezo yoyote, mrudishe mama hospitalini leo hii. Mtu aliyezimia, na karatasi yake inaonyesha Mobitz II pamoja na QRS pana, hapaswi kusubiri nyumbani. Anatakiwa alazwe mahali penye mashine inayoangalia mapigo yake usiku na mchana, na penye uwezo wa kuusisimua moyo kwa dharura, mpaka siku betri itakapowekwa. Kama hospitali iliyompima haina uwezo huo, ombeni rufaa. Kwa sasa asiendeshe gari, asipande juu ya kiti wala ngazi, asijifungie bafuni kwa komeo, na asiachwe peke yake. Chukueni dawa zake zote mwende nazo. Haya mengine ni marefu, na ningefurahi ukiyasoma ukiwa umekaa naye wodini.

Madaraja ya kizuizi cha moyo hayapimi hatari. Yanahesabu tu ni misukumo mingapi ya umeme imefika chini. Katika daraja la kwanza kila msukumo unaotoka vyumba vya juu vya moyo unafika vyumba vya chini, ila unachelewa. Katika daraja la tatu hakuna hata mmoja unaofika. Daraja la pili liko katikati, mingine inapita na mingine inakwama. Kwa hesabu hiyo mama na mdogo wako wako daraja moja kweli, na aliyewaambia hivyo hakukosea. Lakini hesabu hiyo haisemi umeme umekwama wapi, na uamuzi wote katika jambo hili unategemea mahali ulipokwamia.

Nikupitishe kwenye njia yenyewe. Kila pigo huanzia kwenye kijisehemu kilichoko juu ya chumba cha juu cha kulia, ambacho ndicho kinachopanga mwendo wa moyo. Umeme unasambaa vyumba vya juu, na karatasi ya ECG inachora wimbi dogo liitwalo P. Kati ya vyumba vya juu na vya chini kuna utando mgumu usiopitisha umeme, isipokuwa mahali pamoja tu. Juu ya mahali hapo ipo nodi ya kati, ambayo kazi yake ni kuuchelewesha umeme kidogo ili vyumba vya juu vimalize kumwaga damu chini. Baada ya nodi linaanza fungu la His, ambalo linapenya utando na kugawanyika kuwa tawi la kulia na tawi la kushoto, na hilo la kushoto nalo lina vitawi viwili, cha mbele na cha nyuma. Umeme ukishapita matawini unaifikia misuli ya vyumba vya chini, na hapo karatasi inachora QRS, yaani pigo lenyewe unalolisikia mkononi. Muda wa kutoka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS ndio huo PR. Kwa kawaida ni milisekunde 120 hadi 200.

Mdogo wako, kwa kila dalili uliyonipa, umeme wake unakwama ndani ya nodi. Mama yako wa kwake unakwama chini ya nodi, kwenye matawi. Sehemu hizi mbili zimekaa karibu sana, lakini chembe zake hazifanani kabisa.

Chembe za nodi huwashwa na kalisiamu inayoingia taratibu, na zikishapitisha msukumo mmoja huchukua muda kurudi katika hali yake. Msukumo unaofuata ukizikuta hazijapumzika vya kutosha, zinaupitisha, ila kwa kujikokota. Sasa fuatilia kinachotokea. Misukumo kutoka juu inaingia kwa mwendo ule ule, tuseme kila milisekunde 800. Wa kwanza unapita kwa milisekunde 200. Wa pili unaikuta nodi bado haijapumzika sawasawa, unapita kwa 300. Kwa kuwa wa pili umechelewa kutoka, wa tatu unaikuta nodi imepata pumziko fupi zaidi, unapita kwa 350. Wa nne unafika nodi ikiwa haiwezi tena, unakwama. Hapo moyo unaruka pigo moja, nodi inapata pumziko refu, na msukumo wa tano unapita tena kwa 200. Kisha mzunguko unaanza upya.

Hesabu hiyo ina alama zake kwenye karatasi, na ukizielewa utaweza kuangalia ECG ya mdogo wako mwenyewe. PR inarefuka mpaka pigo linadondoka. PR inayofuata baada ya pengo ni fupi kuliko ile iliyotangulia pengo, na hii ndiyo alama ninayoiangalia kwanza, maana urefukaji wenyewe wakati mwingine ni mdogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Halafu kuna jambo linalowashangaza hata wanafunzi wa udaktari. PR inarefuka, lakini mapigo yenyewe yanakaribiana. Katika mfano wetu nyongeza ya kwanza ilikuwa milisekunde 100, ya pili 50 tu. Kwa hiyo nafasi kati ya pigo la kwanza na la pili ni 900, kati ya la pili na la tatu ni 850, na pengo lenyewe ni 1450, ambayo ni chini ya nafasi mbili za P, yaani 1600. Mapigo yanakuja kwa vikundi, kikundi, kimya kidogo, kikundi, kimya kidogo. Mholanzi Karel Wenckebach aliutambua mpangilio huu mwaka 1899 kwa kuchora mapigo ya mshipa wa damu tu, kabla mashine ya ECG haijaingia hospitalini. Ndiyo maana jina lake limeandikwa kwenye ripoti ya mdogo wako.

Kwa nini kijana mzima awe hivyo? Kwa sababu nodi inasikiliza sana neva ya vagasi, ambayo hupunguza mwendo wa moyo mtu akiwa amepumzika. Kwa mtu anayefanya mazoezi mazito neva hiyo ina nguvu sana, hasa usingizini. Nodi inapotulizwa hivyo inajikokota zaidi, pigo moja linadondoka, na hakuna kilichoharibika. Akisimama na kuanza kukimbia, neva inalegea, homoni za mwili zinaichangamsha nodi, na mapigo yote yanapita.

Turudi kwa mama. Chembe za fungu la His na matawi yake huwashwa na sodiamu inayoingia kwa kasi. Zinapitisha umeme haraka, zinapumzika haraka, na hazijui kujikokota. Ni kama swichi ya taa, ama imewaka ama imezima. Kwa hiyo zinapougua hazikupi onyo la kuchelewa kidogo, kisha zaidi, kisha zaidi. Msukumo unapita kwa 180, unaofuata kwa 180, unaofuata kwa 180, kisha mmoja haupiti kabisa, na ule unaokuja baada ya pengo unapita kwa 180 ile ile. Pengo lake ni sawasawa na nafasi mbili za P. P zikija kila milisekunde 800, pengo ni 1600, bila kupungua.

Hiyo PR ya mama ya 180 ni ya kawaida kabisa, na hapa ndipo watu hudanganyika. Wanaona muda wa mtu kama mdogo, katika mfano wetu, umefika 350, wa mama ni 180, wanadhani wa mama ndiye mzima zaidi. Lakini 180 hiyo inasema tu kwamba nodi yake haina shida. Shida iko chini, na kwenye ripoti imeandikwa hapo pembeni, RBBB na QRS 148. Maana yake tawi la kulia limekwisha kufa. QRS ya kawaida ni chini ya milisekunde 120, na ya kwake imetanuka kwa sababu chumba cha chini cha kulia kinasubiri umeme uvuke kutoka kushoto kupitia misuli yenyewe. Mapigo yote ya mama yako sasa yanategemea tawi la kushoto peke yake. Na kila pigo linapodondoka, ni tawi la kushoto ndilo limekataa kwa mara hiyo. Siku likikataa moja kwa moja, hakuna njia nyingine ya umeme kushuka. Daraja la pili linageuka kuwa la tatu palepale, bila hatua ya katikati.

Sasa ujiulize, umeme usipofika chini, moyo unafanya nini? Kila sehemu ya njia hii ina uwezo wa akiba wa kuanzisha mapigo yake yenyewe pale ambapo haisikii kitu kutoka juu, na ndiyo maana wengi hawafi papo hapo. Lakini akiba hiyo inalingana na mahali ilipo. Kizuizi kikiwa ndani ya nodi, sehemu iliyo chini kidogo ya nodi huchukua usukani kwa mapigo 40 hadi 60 kwa dakika, kwa utulivu, na mtu anaweza hata asijue. Kizuizi kikiwa chini ya fungu la His, akiba iliyobaki ni ile ya misuli ya vyumba vya chini, mapigo 20 hadi 40, tena isiyotabirika. Wakati mwingine inachelewa kuamka kwa sekunde kadhaa, wakati mwingine inaamka na kukoma. Ubongo hauwezi kuvumilia sekunde nyingi bila damu, hazifiki hata 15 mtu anapoteza fahamu. Tena moyo unaokwenda polepole mno unaweza kuingia katika mtetemo wa kasi wa vyumba vya chini, ambao nao unaua.

Kwa hiyo kuanguka kwa mama jikoni, ghafla, bila kizunguzungu cha kutangulia, kisha kuzinduka na kujisikia mzima, ndivyo kizuizi cha chini kinavyojionyesha. Nadhani siku ile tawi la kushoto lilikatika kwa sekunde kadhaa, kisha likarudi. Kule kusema "sasa hasikii kitu" hakunipi faraja. Kati ya pengo moja na jingine hana cha kusikia, kwa sababu mapigo yanayopita yanapita vizuri. Ugonjwa huu haumpi mgonjwa siku za kudhoofika ambazo zingetuwezesha kujipanga.

Kuna tofauti nyingine ya hizi aina mbili ambayo madaktari tunaitumia, na inaendana kinyume na watu wanavyotarajia. Mdogo wako akikimbia, kizuizi chake kinatoweka. Mama yako akipanda ngazi, chake kinaweza kuzidi. Sababu ni kwamba mazoezi yanaongeza kasi ya misukumo inayotoka juu, na nodi yake nzima inaipitisha yote, lakini tawi linalougua haliwezi kufuata kasi hiyo. Misukumo ikiwa 110 kwa dakika, tawi linaweza kupitisha mmoja na kuacha mmoja, na moyo ukajikuta unapiga 55 wakati mwili unadai mara mbili yake. Watu wa namna hii huja wakilalamika kwamba wanaishiwa pumzi kilimani na miguu inalegea, halafu wakikaa wanapona, na wengi wao huambiwa ni uzee. Tafadhali usimjaribu mama kwa kumpandisha ngazi ili uone. Hilo ni la hospitalini.

Tofauti hiyo ndiyo inayojibu ombi lake la dawa. Dawa tulizonazo za kuongeza mapigo, kama atropini, zinafanya kazi juu, kwenye chanzo cha mapigo na kwenye nodi. Kwa kizuizi cha ndani ya nodi zinasaidia. Kwa kizuizi cha mama zinaongeza misukumo inayolifikia tawi bovu, na zinaweza kuzidisha kudondoka kwa mapigo. Ipo dripu ya isoprenalini, na ipo njia ya kupitisha waya wa muda hadi ndani ya moyo, lakini hivyo vyote ni vya kumvusha mgonjwa saa au siku chache akisubiri betri. Hakuna kidonge kinachoondoa kovu kwenye tawi. Kwa umri wa mama yako sababu ya kawaida kabisa ni kovu hilo tu, nyuzi za umeme zinazogeuka taratibu kuwa nyuzi kavu, na hazirudi.

Ndiyo maana miongozo mikubwa ya fani yetu, wa vyama vya Marekani wa 2018 na wa Ulaya wa 2021, inakubaliana kwamba Mobitz II isiyotokana na sababu inayoweza kuondoka inahitaji betri ya kudumu hata kama mgonjwa hana dalili yoyote. Mama yako amekwisha kuzimia, kwa hiyo kwake hakuna hata mjadala wa dalili. Niwe mkweli kwako, ushauri huu hautokani na majaribio ambayo nusu ya wagonjwa waliwekewa betri na nusu wakaachwa. Unatokana na kuwafuatilia wagonjwa kwa miaka mingi na kuona ni wangapi waliishia kwenye kizuizi kamili, na kuzimia, na kufa ghafla. Baada ya kuyaona hayo, hakuna daktari ambaye angekubali kuwaacha wengine bila betri ili tu apate ushahidi safi zaidi.

Hata hivyo, kabla ya kufungua ngozi ya mtu ni haki yenu kuwa na uhakika kwamba ni Mobitz II kweli, maana jina hili hukosewa mara nyingi, na mashine inayojiandikia majibu hukosea zaidi. Mwombe daktari mwangalie pamoja karatasi ndefu, isiwe kipande cha mapigo matatu. Jambo la kwanza la kutazama ni ile P isiyofuatwa na pigo. Je, imekuja kwa wakati wake, au imewahi? Ikiwa imewahi, hilo ni pigo la mapema kutoka vyumba vya juu lililoikuta njia haijapumzika, na halihitaji betri. La pili, P zenyewe zilikuwa zinapungua kasi wakati huo huo? Kama zilipungua, kwa mfano mtu akitapika au akichomwa sindano, basi ni neva ya vagasi imeshika juu na katikati kwa pamoja. La tatu, kama kwa muda wote anapitisha pigo moja na kuacha moja, hatuwezi kuita Mobitz I wala II, kwa sababu hatuna PR mbili zinazofuatana za kulinganisha. Hapo tunategemea upana wa QRS, kipimo cha mapigo cha saa 24, au kipimo cha ndani cha kupitisha waya wenye vihisi kwenye mshipa wa paja hadi penye fungu la His. Kwa mama yako, PR isiyobadilika, QRS pana na kuzimia vinaelekea upande mmoja, na mimi nisingetarajia jibu lingine. Lakini ukaguzi huo hauchukui muda na unafanyika akiwa wodini.

Kuna pia sababu zinazoweza kuondoka, na hapa inaingia atenololi yake. Dawa hiyo na ndugu zake hupunguza kasi ya nodi, pamoja na verapamili, diltiazemu na digoksini. Itabidi daktari aiangalie leo, na huenda akaibadilisha kwa dawa nyingine ya presha. Usimwachishe wewe nyumbani, kwa sababu kuikatisha ghafla bila uangalizi kunaweza kuupandisha moyo na presha kwa fujo. Lakini pia msijipe tumaini kwamba ndiyo iliyoleta haya. Atenololi huleta zaidi kizuizi cha ndani ya nodi, cha aina ya mdogo wako. Haigusi tawi la kulia likafa. Watapima damu waone potasiamu na tezi ya shingo, na wataangalia kama kuna shambulio la moyo la karibuni. Hapo napo mahali panasema mengi. Shambulio la ukuta wa chini wa moyo huleta kizuizi cha kujikokota ambacho mara nyingi huisha chenyewe ndani ya siku chache. Shambulio kubwa la ukuta wa mbele likileta Mobitz II, linamaanisha matawi yameungua pamoja na misuli.

Betri yenyewe ni upasuaji mdogo kuliko jina lake. Anachomwa sindano ya ganzi chini ya mfupa wa mtulinga, kwa kawaida upande wa kushoto, akiwa macho au amesinzia kidogo. Nyaya mbili zinapitishwa kwenye mshipa wa damu, moja inakaa chumba cha juu cha kulia, nyingine chumba cha chini. Waya wa juu unasikiliza P ya mama mwenyewe, kifaa kinasubiri muda unaofanana na PR, na kama pigo halijashuka lenyewe, waya wa chini unalianzisha. Maana yake kasi ya moyo wake itaendelea kupangwa na mwili wake, akipanda ngazi itapanda. Kifaa kinaziba tu lile pengo ambalo tawi lingeliacha. Kabla ya hapo apimwe ultrasaundi ya moyo. Kama nguvu ya kusukuma damu imepungua, na kifaa kitakuwa kinapiga sehemu kubwa ya siku, ipo namna nyingine ya kuweka nyaya ili vyumba vyote vya chini vijikunje kwa pamoja. Ulizeni hilo mapema, kwa sababu waya ukishashika pahala pake kuuhamisha ni kazi nyingine.

Madhara yapo, ingawa si ya kawaida. Hewa inaweza kuingia kati ya pafu na ukuta wa kifua wakati wa kutafuta mshipa, waya unaweza kuhama katika wiki za mwanzo, damu inaweza kujikusanya mfukoni mwa kifaa, na vijidudu vinaweza kuingia. Ninalolihofia zaidi ni hilo la vijidudu, kwa sababu likitokea mara nyingi kifaa na nyaya zake hutolewa vyote. Kwa hiyo kidonda kikivimba, kikawa chekundu, cha moto au kikatoa maji, arudi bila kusubiri, na mtu yeyote asikichome sindano kukitoboa. Wiki chache za mwanzo asinyanyue mkono wa upande huo juu ya bega, ila auchezeshe chini ya hapo ili bega lisikaze. Simu aiweke umbali wa sentimita 15 hivi kutoka kwenye kifaa. Betri hudumu miaka 8 hadi 12 kwa kawaida, haiishi ghafla, na kwenye kliniki ya kifaa wanaona kiasi kilichobaki muda mrefu kabla. Ikiisha wanabadilisha kifaa, nyaya zikiwa nzima zinabaki.

Kama ataanguka tena kabla hamjafika hospitali, mlazeni chali na mtazame kifua chake. Wengi huzinduka wenyewe ndani ya sekunde chache. Asipozinduka na hapumui kawaida, anzeni kukandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa kasi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akiita gari la wagonjwa, na msiache mpaka wenye vifaa wafike.

Mdogo wako aendelee kukimbia. Lakini kwa kuwa mama yake ana ugonjwa wa njia ya umeme, ningependa ECG yake iangaliwe tena mara moja na mtu wa moyo, kwa swali moja mahususi, QRS yake ni nyembamba? Kwa kawaida mambo haya mawili ndani ya nyumba moja hayahusiani. Yapo hata hivyo magonjwa ya kurithi yanayokula njia hii ya umeme mapema, kwa hiyo kama kuna ndugu mwingine aliyewekewa betri akiwa kijana, au aliyekufa ghafla, amwambie daktari. QRS ikiwa pana, kujikokota kule kunaweza kuwa kunatoka chini ya nodi, jambo la nadra lakini lipo, na hapo atahitaji kipimo cha ndani. Ikiwa ni nyembamba, apimwe akikimbia kwenye mashine. Mapigo yote yakipita pale kasi inapopanda, hana cha kutibiwa. Asimamishe mazoezi na arudi hospitalini akizimia, hasa akizimia katikati ya mbio, au akianza kuona mwili unakata pumzi kwa kasi ambayo zamani alikuwa anaimudu.